Benki inanikata mara mbili, nikiuliza naambiwa "subiri itarudi yenyewe". Mwezi mzima haijarudi!

Mpiga Hesabu wa Tabata:

Wakuu, nina hasira. Jumapili nimekaa na taarifa ya akaunti yangu ya mwezi uliopita, kurasa tatu, rula na kalamu nyekundu, nikawa nashuka mstari kwa mstari. Siku zote nilikuwa naangalia salio la mwisho tu. Ujinga wangu huo.

Tarehe 3 nilienda kutoa laki mbili kwenye ATM ya benki nyingine. Mashine ikakoroma, hela haikutoka. Nikavuka barabara, nikatoa kwenye mashine ya pili. Kwenye karatasi imekaa hivi:

```
03  ATM WDL        200,000   712,640
03  ATM CHARGE       3,000   709,640
03  ATM WDL        200,000   509,640
03  ATM CHARGE       3,000   506,640
07  RVSL ATM WDL  +200,000   706,640
```

Laki mbili imerudi tarehe 7, sawa. Ile 3,000 ya huduma ambayo sikuipata iko wapi? Shusha hadi mwisho wa ukurasa, haipo. Nimefukua taarifa za miezi ya nyuma, nimekuta tukio kama hilo hilo, na makato hayakurudi vilevile. Hela kubwa wanarudisha kwa sababu wanajua utaiulizia. Ile ndogo wanakausha.

Halafu tarehe 14 kuna supamaketi, 86,400. Chini yake tena 86,400. Mimi sinunui unga na mafuta mara mbili kwa bei ileile hadi mia! Nimepiga simu huduma kwa wateja, dada ananiambia "mteja, inaonekana ulifanya manunuzi mawili, subiri kama kuna hitilafu itarudi yenyewe". Itarudi yenyewe ina miguu?

Kuna na jina la ajabu la kampuni ya nje, 12,740. Mwezi wa nyuma yake 12,655. Siijui kabisa.

Shemeji wa Wote:

Pole mkuu. Hiyo ya supamaketi usiwe na presha, hiyo ni hela imeshikiliwa tu, bado haijakatwa. Baada ya siku kama saba inaachiwa. Mimi imenitokea hotelini.

Mama Vitenge:

Mimi nilituma 30,000 kwa simu kwenda namba siyo, yule mtu akazima simu. Hivi benki nayo inaweza kunirudishia hiyo?

Mpiga Hesabu wa Tabata:

Mama, hiyo ya simu ni habari nyingine kabisa, wapigie mtandao wako leo hii, usichelewe.

Shemeji, imeshikiliwa mwezi mzima?

Karani Mstaafu:

Nimefanya kazi ya kulinganisha miamala ya kadi miaka mingi, ngoja nikusaidie kabla hujampasukia yule dada, maana yeye anaona skrini ileile unayoiona wewe.

Shemeji hajakosea sana. Hela ya kushikiliwa ipo, inapunguza kiasi unachoweza kutumia, na hoteli na vituo vya mafuta ndiyo michezo yao. Lakini hiyo utaiona kwenye programu ya simu. Ukiona mstari kwenye taarifa, una tarehe na salio jipya pembeni, hiyo imeshakatwa. Tena zimekatwa mbili. Haitaachiwa yenyewe.

Sasa swali ni kosa liko kwa nani. Waombe benki wakupe namba ya kumbukumbu ya kila mstari, kwenye risiti ya mashine imeandikwa `RRN`. Namba ikiwa ileile mistari yote miwili, muamala mmoja umeingizwa mara mbili, hilo ni la benki na hawana pa kujificha. Namba zikiwa tofauti, kadi ilipitishwa mara mbili kweli. Jaribu kukumbuka: siku ile mashine iligoma kwanza?

Mpiga Hesabu wa Tabata:

Aisee. Ndiyo. Ilizunguka weee, ikaandika haina mawasiliano, keshia akasema "tujaribu tena kaka". Lakini nilienda Jumamosi, tarehe 12. Karatasi inasema 14.

Karani Mstaafu:

14 ilikuwa Jumatatu, ndiyo siku benki ilipoandika. Watu wengi wanakana manunuzi yao wenyewe kwa sababu hiyo: "Jumatatu nilikuwa nyumbani!" Rudi nyuma siku mbili tatu kabla hujaapa. Na jina nalo linadanganya, duka limeandikwa Mama Fulani mlangoni, kwenye karatasi linatokea jina la kampuni ya mwenye mashine.

Mashine ikikosa jibu inatakiwa itume ujumbe wa kufuta ule muamala wa kwanza. Mtandao ukiwa mbovu ujumbe huo haufiki. Benki yako imeshakata, duka halijui lolote. Kwa hiyo nenda dukani na risiti, muombe meneja akutazamie ripoti ya kufunga siku ya mashine ile. Kama 86,400 ipo mara mbili, hela wanayo wao, wakurudishie. Ikiwa ipo mara moja, omba nakala yenye mhuri, upeleke benki kwa barua. Usikae sana, kanuni za mitandao ya kadi zina ukomo, mara nyingi siku 120.

Kijana wa Excel:

Nyongeza ndogo. Chukua taarifa kwa faili, ipange kwa kiasi badala ya tarehe. Zinazofanana zinakaa jirani, huhitaji rula. Mimi nilikamata 20,000 mbili nikawaka, kumbe ni Luku, nilinunua mara mbili na tokeni zote mbili ziko kwenye meseji. Niliona aibu.

Karani Mstaafu:

Sawa, ila ukimaliza irudishe kwa tarehe. Hiyo ya 3,000 ya mwenye uzi huwezi kuiona kwa kupanga kiasi, kwa sababu hakuna kitu kilichojirudia bila haki, kuna kitu ambacho hakikurudi. Unaipata kwa kuoanisha: kila `RVSL`, yaani mstari wa hela iliyorudishwa, itafutie baba yake, ule muamala uliofutwa, halafu uulize baba alikuwa na makato gani.

Hiyo ya nje, kiasi kinabadilika kidogo kila mwezi? Hayo ni malipo ya dola, bei haibadiliki ila kiwango cha kubadilishia fedha kinapanda na kushuka. Kuna kitu kimejiungia kwenye kadi yako. Nani mwingine anaijua namba ya kadi?

Mpiga Hesabu wa Tabata:

Mwanangu alitumia kadi kwenye tableti mara moja. Anakana. Mama yake naye anamtetea. Nimeifungia kadi kwa sasa, tutaona mwezi ujao.

Mpiga Hesabu wa Tabata:

Mrejesho. Meneja wa supamaketi muungwana, ripoti ina 86,400 moja tu. Kagonga mhuri. Benki wamepokea barua, wamenipa namba ya lalamiko, wasiponijibu naenda dawati la malalamiko Benki Kuu. Ya 3,000 wamesema "tutaangalia".

Sasa sikieni hii. Walitaka niambatanishe taarifa yenye mhuri wao. Wameniprintia palepale kaunta, wamenikata 5,000. Nalipia ushahidi wa kosa lao! Karani, hii nayo inadaiwa?

Karani Mstaafu:

Dai. Sikuahidi kwamba watalipa. Iandike kwenye barua ileile, uambatanishe na risiti yake.