Naomba ushauri: Kursiyyu katika Aya ya 255 ni elimu ya Mwenyezi Mungu?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naandaa darsa fupi ya Ayatul Kursiyyi (Al-Baqara 255) na nimekwama kwenye "wasia kursiyyuhu".

Sehemu ya kabla yake hainisumbui. "Anayajua yaliyo mbele yao na yaliyo nyuma yao", Mujahid kasema ni dunia na akhera. Razi ananukuu pia kauli ya kinyume: akhera ndiyo iko mbele kwa kuwa tunaiendea, na dunia tunaiacha mgongoni. Kwa vyovyote, hakuna kinachobaki nje ya elimu Yake, na viumbe hawapati humo ila alichotaka.

Shida ni Kursiyyu. Tabari anapokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba maana yake ni elimu Yake, na anaitetea: aya inaendelea kusema kuzilinda mbingu na ardhi hakumlemei, na malaika katika Ghafir 7 wanasema Mola amekienea kila kitu kwa rehema na elimu. Hoja nzito, kwangu mimi. Lakini Ibn Abbas huyohuyo amepokewa akisema Kursiyyu ni mahali pa nyayo mbili, na wengi wa Ahlul Hadithi wameishika hiyo.

Waliosoma isnadi za riwaya hizi mbili, ipi ina nguvu zaidi, na kwa nini? Na je, mbele ya wanafunzi wanaoanza, mngezitaja zote mbili au mngetosheka na moja?