Waliniahidi jibu Ijumaa, leo ni Jumatano na kimya. Watu wa ajira, mwatuonaje?

Mtoto wa Barani (Malindi)

Nina hasira, na nimekuja kuzitoa hapa kwa sababu wanaostahili kuzisikia hawapokei simu.

Nilifanya usaili wa nafasi ya msimamizi wa stoo kwenye hoteli moja ya Watamu. Jina silitaji. Aliyeniita ni dada mmoja wa wakala wa ajira wa Mombasa. Siku ya kuamkia usaili alinipigia yeye mwenyewe kunikumbusha nibebe cheti cha tabia njema na cheti cha afya. Yaani wakinihitaji, simu zao zafanya kazi vizuri kabisa.

Mezani walikuwa watatu: meneja, mhasibu na yeye. Mhasibu akanisukumia daftari la stoo na rundo la karatasi, akaniambia nitafute tatizo la unga. Daftari lasema magunia 12 yameingia, 9 yametoka kwenda jikoni, na rafuni yamehesabiwa 2. Gunia moja halipo. Nikapekua karatasi za kupokelea mzigo, nikaiona ile ya msambazaji: imesainiwa magunia 11, halafu mtu akaandika 12 daftarini. Hakuna aliyeiba, ni kalamu tu. Mhasibu akamtazama meneja, wakacheka kwa furaha. Nilitoka pale najua nimefanya vizuri.

Kabla sijainuka nikauliza, nitajua lini? Dada akajibu mbele ya wote: "Ijumaa jioni nitakupigia, uwe umepata au hukupata."

Ijumaa ikapita. Jumatatu nikamtumia meseji, tiki mbili zikawa buluu, hakuna neno. Jana nikapiga, simu ikaita mpaka ikakatika yenyewe.

Na mimi sina nafasi ya kukaa kungoja. Nyumba moja ya wageni kule Shela, Lamu, imenipa barua ya kazi. Mshahara wao ni mdogo kuliko wa Watamu, ila pa kulala papo. Wanataka jibu kesho kutwa Ijumaa, saa sita mchana. Kwa sasa niko kwenye duka la jumla hapa mjini, nalipwa kwa mwezi, kwa hiyo popote niendako lazima nitoe notisi. Nikiikataa Shela na Watamu wasinichukue, nabaki na magunia ya watu hapa hapa. Nikiikubali, labda naiacha kazi niliyoishinda.

Mimi sikumlazimisha kutaja siku. Aliitaja yeye. Sasa wenye uzoefu niambieni, mtu kama huyu anafuatiliwa vipi mpaka aseme kitu?

Mama Zai

Mwanangu, pole sana. Wamekuomba pesa za fomu? Kama wamekuomba usitoe hata shilingi. Mpwa wangu alitumiwa namba ya kulipia "gharama za usaili", akalipa, na simu ikazimwa hapo hapo.

Mtoto wa Barani

Shikamoo mama. La, hawakuniomba chochote. Kazi ipo na hoteli ipo, nimeingia mpaka ndani ya stoo yao. Tatizo langu ni kwamba wameahidi siku na siku imepita.

Msema Haki

Ndugu, usibembeleze mtu. Katiba kifungu cha 35 inakupa haki ya kupata habari, na ile sheria ya mwaka 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Waandikie barua uwatajie sheria, uone kama hawatakupigia usiku huo huo.

Kaka Rejista

Msema Haki, umegusa jambo la kweli ila umelipeleka pasipo pake. Siku 21 ni za ofisi za umma. Hoteli ya mtu binafsi hailazimiki kumweleza msailiwa kwa nini amekosa, wala kumtajia siku. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 itamruhusu kuomba kuona taarifa zake walizoziweka, lakini haitamwambia kama kazi ni yake. Na yeye anataka kujua kabla ya Ijumaa mchana, si baada ya siku 21.

Mtoto wa Barani, nimekaa ofisi za ajira za hoteli kuanzia Malindi mpaka Diani, na kwa wakala pia nimefanya. Nikwambie kinachotokea ndani, maana ukikijua utajua cha kuuliza.

Mara nyingi siku ikipita kimya, jibu lako si "hapana". "Hapana" ni rahisi kuituma, na wakala akishaipata huwa hana sababu ya kuikalia. Kimya cha namna hii mara nyingi maana yake ni kwamba kuna mtu amepewa barua mbele yako na hajasaini. Huyo naye ana kazi kwingine, analipwa kwa mwezi, na Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka atoe notisi ya siku 28. Basi anavuta mshahara juu, au mwajiri wake anamwongezea ili abaki. Siku zote hizo wewe wa pili umewekwa akiba. Wakala hataki kukwambia wewe ni wa pili, anaogopa utaondoka. Hataki kukwambia umekosa, maana yule akikataa atakuhitaji kesho. Kwa hiyo ananyamaza. Sababu nyingine ni nafasi kusubiri idhini ya mwenye hoteli, na wengi wao hawakai hapa mwaka mzima.

Sasa niambie, ile meseji ya Jumatatu uliandika nini hasa?

Mtoto wa Barani

Niliandika: "Habari dada, naulizia kuhusu ile nafasi."

Kaka Rejista

Hiyo haina swali la kujibika. Kuijibu lazima atunge habari, na habari hana, au anayo na hawezi kuitoa. Anaisoma, anasema nitamjibu baadaye, imeisha.

Usianzishe barua mpya. Fungua ile barua pepe aliyokuitia usaili, ujibu papo hapo, ili jina lako, nafasi na tarehe zote ziwe chini yake hata kama ataisomea kwenye simu akiwa ndani ya matatu. Andika hivi:

"Dada, habari za asubuhi. Kwenye usaili wa msimamizi wa stoo ulinieleza kwamba ningepata jibu Ijumaa iliyopita. Nafasi hii bado naitaka. Nimepata barua ya kazi kwingine na natakiwa kuijibu Ijumaa hii saa sita mchana. Naomba unijulishe kabla ya Alhamisi saa kumi jioni: uamuzi umefanyika au bado? Kama bado, kinachosubiriwa ni nini? Ahsante."

Angalia, umeitaja ahadi yake bila kumlaumu. Umempa saa, na saa hiyo si ya kutunga. Na swali lako linajibika kwa mstari mmoja. Ile barua ya Shela ndiyo yenye nguvu hapo, kwa sababu yeye sasa ana jambo la kumpelekea meneja: "huyu tutampoteza." Bila barua ya kweli usiwahi kuandika hivyo. Watakwambia nenda, na utakuwa huna pa kwenda.

Ukishatuma, mpigie mara moja tu umwambie barua iko kwake. Asipopokea, basi.

Mtoto wa Barani

Nakusikia kaka, na nitaituma. Lakini linaniuma. Aliyevunja ahadi ni yeye, na mimi ndiye ninayechagua maneno laini nisimkwaze. Kusema "bado hatujaamua" ni maneno mawili, hata vocha haimalizi.

Kijana wa Ngala

Kaka hawa wa barua pepe wanakuchelewesha. Panda matatu kesho asubuhi mpaka Watamu, simama getini, muulizie meneja. Mimi kazi yangu niliipata hivyo hivyo.

Kaka Rejista

Uliipata ya aina gani? Za jikoni na bustani kwenda getini kwafaa, meneja anahitaji mtu leo leo. Hii ina wakala katikati, na hoteli imemlipa ili watu wasije getini. Akitokea pale, yule dada ataonekana ameshindwa kazi yake, na ndiye anayeshika faili.

Kijana wa Ngala

Ya kupokea wageni. Na wakala alikuwapo. Meneja alitoka mwenyewe akaniambia nianze Jumatatu. Sikubaliani nawe.

Mwana wa Langoni (Lamu)

Samahanini kuingilia. Mimi niliomba kazi serikalini, tukafanya usaili, tukaambiwa majina yatatoka "hivi karibuni". Sikutajiwa siku. Kila nikienda ofisini naambiwa bado. Nami nitumie barua hii?

Kaka Rejista

Yako ni tofauti, na hapo sasa Msema Haki ana maneno. Kwa ofisi ya umma andika ombi la habari chini ya sheria ya 2016, upige muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Uliza orodha imekwama hatua gani.

Mtoto wa Barani

Nimerudi. Barua niliituma jana kabla ya adhuhuri, nikapiga, hakupokea. Leo Alhamisi saa tisa na nusu kaandika: "Samahani kwa kuchelewa. Mteja ametoa barua kwa mtu mwingine na tunasubiri asaini. Wewe ndiye unayefuata. Huenda tukajua mwisho wa mwezi."

Kwa hiyo Ijumaa ile alikuwa anajua! Alijua kuna mtu mbele yangu na akaniacha naishika simu mpaka nikiwa msikitini. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Mimi wa pili ningekubali kuambiwa ni wa pili.

Shela nawajibu kesho asubuhi kwamba nakuja.

Msema Haki

Jibu Shela, lakini Watamu usiwafungie mlango. Ukiwa kwenye majaribio sheria inakuruhusu kuondoka kwa notisi ya siku saba. Watamu wakikuita mwisho wa mwezi, unaaga tu.

Kaka Rejista

Siku saba ni kweli safari hii. Ila Lamu ni mji mdogo na wenye nyumba za wageni wanajuana. Mimi nisingefanya hivyo.

Kijana wa Ngala

Yule dada angemwacha bila kupepesa jicho. Kwa nini yeye awe na deni na mtu?

Mama Zai

Mwanangu, hao wa Shela wamekungoja kwa heri na pa kulala wamekupa. Hawakukukosea.

Mtoto wa Barani

Ndiyo maana dada nitamwandikia leo hii kwamba nimepata kazi, faili langu alifunge. Notisi dukani naitoa baada ya kuiona barua ya Shela imesainiwa pande zote mbili, si kabla. La siku saba nimelisikia, na sijui. Mshahara wa Watamu ulikuwa mzuri.