Naomba ushauri: kutoa klipu ya kava la mlango wa gari bila kuvunja miguu yake

Habari zenu, ndugu. Nataka kufungua kava la ndani la mlango wa dereva ili niifikie mota ya kioo, na skrubu zote nimekwisha kuzitoa, pamoja na ile iliyojificha nyuma ya kitasa cha ndani. Sasa kava linashikiliwa na klipu za plastiki pembeni na chini. Ya kwanza niliibanjua kwa bisibisi bapa niliyoichomeka mbali nayo. Kava likapinda, na miguu miwili kati ya minne ya klipu ikakatika na kubaki ndani ya tundu la bati. Naona kosa lilikuwa kuinua kwa upande mmoja, tena asubuhi ya baridi, wakati plastiki imekakamaa.

Je, nikitumia kibanjuo cha plastiki chenye ncha ya panda, nikakisukuma mpaka kiikumbatie shingo ya klipu, kisha nikavuta wima kutoka kwenye bati, miguu itajibana yenyewe na kutoka mizima? Na kupasha sehemu hiyo kwa mashine ya kukaushia nywele kutailainisha klipu, au kutaharibu kava? Gari ni la mwaka 2004, na klipu zilizobaki ni saba.