Mabati mawili "geji 30", saruji mbili tofauti: nichague ipi?

Mwenye_Kiwanja
Wakuu, naomba ulinganisho kabla sijaagiza. Mabati A na B yote yameandikwa geji 30, ya rangi, yana alama ya ubora, urefu mita 3. Nimeyapima: A lina kilo 6.9, B kilo 5.5. Maikromita inasoma milimita 0.37 kwa A na 0.30 kwa B. Nyuma ya A kuna AZ150, nyuma ya B kuna AZ70. Saruji ninazopata ni mbili: CEM I 42.5N na CEM II/B-P 32.5N. Nyumba ni ya chini, yenye nguzo, linta na plasta.

Kazi_Safi
Saruji chukua 42.5 kila mahali, hutajuta. Namba kubwa ndiyo saruji bora. Bati chukua B, 0.30 ndiyo geji 30 kamili. A wamejaza rangi tu.

Kenchi
Hapo kwenye bati umepotoka kidogo. Maikromita inapima vyote pamoja: chuma, mpako na rangi. Mtoa hoja, tumia mizani. Vuta uzi ukifuata mabonde na vilima vya bati kutoka ukingo hadi ukingo, usipime upana wa juu juu. Umepata ngapi?

Mwenye_Kiwanja
Uzi unatoa mita 0.9, yote mawili.

Kenchi
Basi eneo ni mita za mraba 2.7. Chuma cha unene wa milimita 1 kina kilo 7.85 kwa mita ya mraba, kwa hiyo bati lako lingekuwa na kilo 21.2 kwa kila milimita ya unene.

Bati B: AZ70 maana yake ni gramu 70 za mpako wa alumini na zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. Hiyo ni karibu kilo 0.2 kwa bati zima. Toa na rangi, gramu 100 hivi. Chuma kinabaki kilo 5.2, ugawe kwa 21.2 unapata 0.245. Hiyo ile 0.30 ya maikromita imekamilishwa na mpako na rangi.

Bati A: toa kilo 0.4 za mpako na 0.1 ya rangi, zinabaki 6.4. Ugawe, unapata 0.30 ya chuma kitupu. Kwa hiyo wote wameandika geji 30, ila mmoja anahesabu chuma na mwingine anahesabu hadi rangi. Muulize muuzaji swali moja: unene huo ni kabla ya mpako au baada? Akibabaika, rudi kwenye mizani.

Bati_Kutu
Mimi yangu yameota kutu pale yanapoingia kwenye ukuta wa juu, kwingine yanang'aa. Ni feki?

Kenchi
Si lazima. Ukuta huo umepigwa plasta juu ya bati? Udongo mbichi wa saruji unakula mpako wenye alumini. Fundi akimwaga, aoshe papo hapo kabla haujakauka, na maungio yazibwe kwa kipande cha bati, si kwa plasta.

Mchanganya_Zege
Nirudi kwenye saruji. Hizo 32.5 na 42.5 ni nguvu ya chini inayotakiwa, kwa megapaskali, baada ya siku 28 kwenye jaribio la maabara. Hazisemi moja ni safi na nyingine chafu. P ni pozolana ya asili, kama majivu ya volkano. Kwenye B-P inafika kati ya asilimia 21 na 35. Saruji hiyo hukomaa polepole, kwa hiyo usiharakishe kutoa mbao za linta, na umwagilie siku nyingi zaidi. Kwa plasta na kujengea tofali inafaa, inalainika vizuri chini ya mwiko. 42.5 iweke kwenye nguzo na linta. Ukiipigia plasta kwa kipimo chenye saruji nyingi hupasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui.

Maji nayo: mfuko wa kilo 50 usizidi lita 25, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Fundi akizidisha, 42.5 yako inakuwa jina tu.

Kazi_Safi
Nyufa za plasta ni za mchanga wenye udongo, si saruji.

Mchanganya_Zege
Mchanga mchafu unachangia, sikatai. Ila jaribu mchanga uleule na saruji mbili, utaona.

Mwenye_Kiwanja
Na alama ya ubora? Zote zinayo.

Mchanganya_Zege
Mchoro wa alama yeyote anaweza kuuchapa. Angalia namba ya leseni iliyo nayo, uitafute kwenye orodha ya shirika la viwango. Jina la kiwanda na aina ya saruji vifanane na mfuko. Leseni ya 32.5 haibebi 42.5. Kisha soma tarehe ya kufungashwa. Ikizidi miezi mitatu, au ukikuta mabonge yasiyosagika kwa vidole, uache.

Mwenye_Kiwanja
Saruji nimeelewa, nitachukua zote mbili. Bati: niko mbali na bahari, AZ150 ina haja?

Kenchi
Kwa mpako peke yake, mbali na chumvi na moshi wa viwanda, AZ100 ingetosha kwa maoni yangu. Lakini wewe huchagui mpako tu, B ni jembamba kwenye chuma. Fundi akikanyaga kati ya papi na papi linabonyea.

Bati_Kutu
Papi zikikazwa karibu karibu hata B linashika.

Kenchi
Linashika, ila piga hesabu ya mbao za ziada kwanza.