f(2x − 6): tusogeze kwanza au tubane kwanza?

Mwl_Kihesa (Iringa)
Kamwene wakuu. Wanafunzi wangu wa fomu faivu wamegawanyika. Tuna grafu ya f(x) = x³ − 3x, ile yenye kilele kwenye (−1, 2) na bonde kwenye (1, −2). Wanatakiwa wachore y = f(2x − 6). Kundi la kwanza limesogeza grafu kulia 6, kisha likaibana nusu kuelekea mhimili wa y. La pili limebana kwanza, halafu likasogeza kulia 6. La tatu limebana, likasogeza 3 tu. Ninyi mngefundisha njia ipi?

Jacaranda_Mby
Mwalimu, usijichoshe. Kilicho ndani ya mabano kinafanya kinyume cha unavyokiona, kilicho nje kinafanya vilevile. −6 ni kwenda kulia 6, na 2 ni kubana nusu. Uanze na lipi, ni mamoja.

Nyundo_Tukuyu
Jacaranda, hiyo ya kinyume ni kweli, lakini kwamba ni mamoja, hapana. Tufuate kilele tuone. Kitatokea pale 2x − 6 inapokuwa −1, yaani x = 2.5. Bonde ni pale inapokuwa 1, yaani x = 3.5.

Kundi la kwanza: kilele kimetoka −1 kikafika 5, kikabanwa kikawa 2.5. Sahihi. La tatu: kimetoka −1 kikawa −0.5, kikaongezewa 3 kikawa 2.5. Sahihi pia. La pili limefika 5.5. Hiyo ni grafu ya f(2x − 12), swali jingine kabisa.

Sababu ni kwamba kubana hakugusi umbo peke yake. Kila pointi inavutwa kuelekea mhimili wa y, hivyo umbali uliokwisha kusogeza nao unakatwa nusu. Ukisogeza 6 kabla, zinabaki 3. Ukisogeza baada ya kubana, hakuna cha kuupunguza, kwa hiyo unasogeza 3 tangu mwanzo. Ndiyo maana kundi la tatu waliandika f(2(x − 3)) kabla ya kushika penseli, nadhani.

Angalizo wakati wa kusahihisha: grafu ya kundi la pili ina umbo sahihi. Kutoka kilele hadi bonde ni 1 badala ya 2 ya mwanzo, kama inavyotakiwa. Ukitazama umbo tu utawapa alama. Tazama katikati ya kilele na bonde: lazima iwe x = 3.

Mama_Uyole
Mbona mimi nimeingiza f(2x)-6 kwenye GeoGebra ya simu na grafu imeshuka chini, haikwenda kulia hata kidogo? Mwanangu ananisubiri hapa.

Nyundo_Tukuyu
Shikamoo mama. Hapo 6 imetoka nje ya mabano, kwa hiyo inapunguza y: kilele kimetua kwenye −4. Andika `f(2x-6)`, itahama.

Fundi_Mafinga
Mimi siamini kusogezasogeza. Fungua mabano upate 8x³ − 72x² + 210x − 198, tengeneza jedwali, chora. Jedwali halidanganyi.

Mwl_Kihesa (Iringa)
Fundi, mlinganyo wako ni sahihi, ila jaribu namba nzima uone. x = 2 inatoa −2, x = 3 inatoa 0, x = 4 inatoa 2. Pointi tatu kwenye mstari ulionyooka! Mwanafunzi atapitisha rula, na kilele na bonde vyote viwili vitapotea katikati. Ukirudi x = 0 unakuta −198, haiingii hata kwenye karatasi. Jedwali lako linahitaji nusunusu, na huwezi kujua hilo kabla hujajua grafu imekaa wapi.

Jacaranda_Mby
Sawa, la mpangilio nimekubali. Ila kuakisi halina utata: −f(x) na f(−x) ni grafu moja. Nimejaribu kwa hii hii x³ − 3x.

Nyundo_Tukuyu
Kwa hii ni kweli, kwa sababu vipeo vyote vya x ni witiri. Ongeza 2 tu, iwe x³ − 3x + 2. Ukibadili alama nje unapata −x³ + 3x − 2, ukibadili ndani unapata −x³ + 3x + 2. Ya kwanza inakata mhimili wa y chini kwenye −2, ya pili juu kwenye 2.

Mwl_Kihesa (Iringa)
Ndaga fijo, Nyundo. Mimi naelemea njia ya kundi la tatu, maana 3 inaonekana kwenye mlinganyo na kwenye grafu pia.

Nyundo_Tukuyu
Mimi bado niko na la kwanza. Wape f(4 − x) uone. Kwa la kwanza wanasogeza kushoto 4, kisha wanaakisi, basi. Kwa la tatu lazima waandike kwanza f(−(x − 4)), na hapo ndipo wengi wanapoteza alama ya kutoa.

Mwl_Kihesa (Iringa)
Nitawapa Jumatatu, bila kuwaambia waanze wapi.