Msaada: niandike nini kwenye "Kuhusu Sisi" wakati duka bado halina hata mteja mmoja wa kulisifia?

binti_ngamiani: Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nimefungua duka la mtandaoni la mikoba na vikapu vya mkonge, niko Tanga mjini. Watu wanaingia, wanaangalia bei, wanaondoka. Wawili wameniuliza, "Nitajuaje wewe si tapeli?" nikakosa jibu. Maoni ya wateja sina. Niandike nini waniamini?

raskazone_boi: Andika "namba moja Tanga". Nani atakwenda kuhesabu?

mzee_wa_pangani: Marahaba binti. Anza na historia. Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe, huku kwetu Pangani. Halafu weka usajili wako wa BRELA. Mtu akiona historia na usajili, moyo unatulia.

fundi_kurasa: Mzee, la BRELA naliunga mkono kama anao, mnunuzi anaweza kulitafuta jina mwenyewe. Ila 1893 ni historia ya mkonge, duka halimo. Binti, bandika ulichoandika.

binti_ngamiani: "Sisi ni kampuni inayoongoza kwa bidhaa za mkonge. Tangu 2016 timu yetu ya wataalamu inatengeneza bidhaa zenye ubora wa hali ya juu." Na picha ya kina mama wanasuka.

fundi_kurasa: Duka lina muda gani? Hao kina mama ni wa wapi? Na mtu akilipa, simu yake inamwonyesha jina la nani?

mama_wawili_korogwe: Mimi nililipia viatu vya mtoto, jina likatokea la mtu nisiyemjua, nikajisemea labda mhasibu wao. Viatu sijaviona mpaka leo na mtoto mguu umeshakua. Nyie wauza mtandaoni Mungu anawaona.

binti_ngamiani: Mbona kama nahojiwa polisi? Duka lina mwezi. Picha nimeitoa mtandaoni, lakini kina mama wa Tanga si wanasuka hivyohivyo? 2016 ndipo mama alianza kuuza vikapu sokoni, kwa hiyo si uongo. Mimi sisuki, nachukua kwa wasusi wawili wa Pongwe. Lipa namba ni ya kaka yangu, yangu haijatoka. Na nembo yenye "Tangu 2016" nimeshailipia.

fundi_kurasa: Basi hapo kwenye jina la kaka ndipo wanunuzi wanapokukimbia. Ukurasa unasema kampuni, simu inasema mwanamume asiyetajwa popote. Picha nayo mtu akiitafuta Google anaikuta kwenye tovuti nyingine, na hapo hata ukweli wako hausomwi tena. Ningeandika hivi:

"Naitwa (jina lako), nipo Ngamiani, Tanga. Duka nimelifungua mwezi uliopita. Mama yangu aliuza vikapu sokoni tangu 2016, kwake nilijifunza kutambua msuko mzuri. Mikoba inasukwa na wasusi wawili wa Pongwe. Naikagua mmoja mmoja kabla ya kufunga mzigo. Ukilipa utaona jina la kaka yangu, (jina lake), maana lipa namba ya duka bado inashughulikiwa. Mkoba wa rangi usiulowanishe, rangi inaweza kuchuja. Ukifika umekatika mshikio, nitumie picha ndani ya siku tatu, nitakutumia mwingine kwa nauli yangu."

Siku tatu ni mfano, weka ahadi unayoimudu mfukoni. Picha jipige wewe na mzigo wako. Kisha mpe mtu asiyekujua asome, umuulize: nani anauza, yuko wapi, mkoba ukiharibika inakuwaje? Akikwama kwenye moja, rekebisha hapo.

mzee_wa_pangani: Hilo la kusema rangi inachuja si kufukuza wateja?

fundi_kurasa: Wachache watakimbia, mzee. Lakini anayesoma kasoro iliyotajwa na mwenye duka anaanza kuamini na yale mazuri. Hao wasusi nao waombwe ruhusa kabla ya kutajwa.

ustadh_chumbageni: Mtume alikataza kuficha aibu ya bidhaa. Mada ingeishia hapo.

jicho_kavu: Wadau, hii ni chai. Mtu ana duka, wasusi, kaka, nembo, na hatupi kiungo? Huyu anatengeneza soko kwa mlango wa nyuma, kesho atasema "mlioniuliza, njooni inboksi".

raskazone_boi: Chai ya mkandaa kabisa 😂 Kaka mwenyewe ndiye binti.

mama_wawili_korogwe: Nilihisi! Muulizeni kama anauza na viatu.

binti_ngamiani: Ningeweka kiungo mngesema natangaza. Nisipoweka, chai. Fundi, jina la kaka nitaliweka akikubali, hapendi mambo ya kuanikwa. Picha ya kina mama naitoa. Lakini nembo inabaki. Na mtaa siandiki, naishi peke yangu.

fundi_kurasa: Mtaa acha, Ngamiani inatosha, taja sehemu ya wazi ambapo mteja wa Tanga atachukulia mzigo. Ila "Tangu 2016" juu ya nembo na "nimefungua mwezi uliopita" chini yake vitagombana.

mzee_wa_pangani: Duka lisilo na mlango mimi silipi kabla, hata liandikwe nini. Mkoba wa sokoni wa kike bei gani?

jicho_kavu: Mnaona? Mteja wa kwanza huyo.