Linki inasema video za wifi haziuzi. Nimwache?

Dera_la_Pwani
Habari zenu wakuu. Nauza madera na mitandio Insta, nipo Dar. Mwezi uliopita niliweka ule ukurasa wa linki kwenye bayo, una vitufe viwili tu: "Picha za mzigo mpya" na "Umeona video? Agiza hapa". Vyote vinampeleka mteja WhatsApp, na ujumbe unakuwa umeshaandikwa, yeye anatuma tu. Kwa siku 30 kitufe cha picha kimebofywa mara 412, cha video mara 38. Na video zinanigharimu hela kila mwezi. Hesabu hizi zinatosha kukata video? Naomba majibu ya waliofanya biashara, wengine mpite kimya.

Kijana wa Bando
Sipiti kimya. Tatizo lako hujaweka UTM. Kila linki mwishoni ongeza `utm_source=instagram` na `utm_content=video1`, utaona kila kitu mpaka mauzo. Na uandike kwa herufi ndogo siku zote, ukichanganya `Instagram` na `instagram` zinahesabiwa kama sehemu mbili tofauti.

Mama Vifaranga
Mimi nauza vifaranga. Mwaka mzima nimebandika linki kwenye maelezo chini ya picha, najiuliza mbona watu hawaji. Mtoto wa dada ndiye aliyenifungua macho: Insta linki ya pale haibofyeki, ni maandishi tu. Nikaihamishia kwenye bayo. Sasa wanabofya, kisha wananiuliza kama nauza na banda.

Babu Kahawa Chungu
Binti, riziki haipimwi kwa mibofyo. Nyie wauza nguo mnaficha bei halafu mnatafuta mchawi.

Karani wa Zamani
Dada, 412 na 38 ni watu kugusa kitufe, hapo hakuna aliyelipa. Mwezi huo oda zilizolipwa ni ngapi? Na ngapi kati ya hizo zilianza na ule ujumbe wa kitufe?

Kijana, UTM inasomwa na tovuti ya mwisho anakofika mteja, tena iwe yako na umeiwekea kihesabio. Huyu mteja wake anaishia WhatsApp. Huko hata uiandike kwa dhahabu, hakuna anayekusomea.

Dera_la_Pwani
Oda 61, nimehesabu kwa miamala ya simu. Zilizoanza na ujumbe wa kitufe ni 19: picha 16, video 3. Si yaleyale?

Karani wa Zamani
Si yaleyale. Wateja 42 wamelipa bila kupita kwenye kitufe chochote. Wamepata wapi namba yako?

Dera_la_Pwani
Namba yangu wanayo wengi, mimi si mgeni mjini.

Karani wa Zamani
Nauliza tena. Kwenye video kuna namba ya simu?

Dera_la_Pwani
Ipo, ndiyo. Wifi huiandika kwa chini, inakaa mwanzo hadi mwisho wa video. Kwenye picha haipo. Lakini sioni inahusu nini, mtu akitaka linki ipo.

Mama Vifaranga
Wifi tena? Kumbe hii kesi ya ukoo.

Dera_la_Pwani
Haya, niseme yote. Anayetengeneza video ni mke wa kaka yangu, namlipa 120,000 kwa mwezi na bando. Nimeshamwambia mwisho tarehe 30. Sijamfukuza, nimempumzisha. Ile linki ilinisaidia tu kusema.

Babu Kahawa Chungu
Ulishahukumu, ndipo ukaja kutafuta ushahidi.

Shuhuda wa Mtaa
Wakuu, hii ni chai. Mibofyo 412 halafu oda 16? Na kaka asinune? Mleta mada anatangaza ukurasa wa linki, subirini kidogo atatupia jina lake na punguzo.

Kijana wa Bando
Chai ya rangi kabisa. Vitumbua viko wapi?

Dera_la_Pwani
Nimetaja jina la ukurasa gani hapa? Mimi nina mzigo umekaa ndani, nyie mnanywa chai.

Karani wa Zamani
Hata mimi 412 imenishtua, ila inaweza kuwa ya kweli. Ile linki fupi ya kitufe cha picha, unaitumia na kwingine nje ya bayo?

Dera_la_Pwani
Naituma kila asubuhi kwenye stetasi na magrupu matatu ya WhatsApp. Na huwa naibofya mwenyewe kuona kama inafungua.

Karani wa Zamani
Basi hiyo 412 si ya picha za Insta. Ni Insta, stetasi, magrupu na kidole chako, vyote kwenye ndoo moja. Linki moja ipewe kazi moja: magrupu yatengenezee ya kwao.

Sasa kwa wale 42. Fungua chati zao moja moja, panda mpaka ujumbe wa kwanza kabisa. Wateja wetu hawabofyi, wanapiga skrinshoti na kukuuliza "hili lipo?". Skrinshoti ya video utaijua, namba yako itakuwa pale chini.

Dera_la_Pwani (kesho yake)
Nimekesha. Kati ya 42, waliotuma skrinshoti ni 25. Za video 18, za picha 7. Waliobaki 17 wameanza na "dada yapo?" tu, sijui wametokea wapi.

Karani wa Zamani
Kwa hiyo video 21, picha 23, na 17 hawajulikani. Yule uliyekuwa unamkata kwa kuleta 3 ameleta 21.

Ila nisikudanganye, skrinshoti inaonyesha alichokiona mwisho kabla ya kukuandikia. Pengine video ilimvutia wiki iliyopita, picha ikammalizia. Hilo halipimiki kwa njia hizi.

Kuanzia sasa kila video ipe alama yake, mfano V12, iandikwe kubwa kona ya juu ya video, ili hata akipiga skrinshoti alama ije nayo. Alama hiyohiyo iwe ndani ya ujumbe wa kitufe:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Habari%20dada%2C%20naulizia%20dera%20V12%20kama%20lipo
```

Namba ianze na 255, bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Alama iwe katikati ya sentensi, ukiiweka peke yake mwishoni mteja anaifuta akidhani ni takataka. Oda ikilipwa, andika V12 kwenye daftari.

Shuhuda wa Mtaa
Bado sijaamini. Mtu gani anapanda chati 42 usiku mmoja?

Mama Vifaranga
Mwenye deni na wifi.

Dera_la_Pwani
Karani asante, ingawa bado naona 120,000 ni nyingi. Wifi nilimwandikia tangu Jumanne, tiki za bluu, kimya. Video ya Ijumaa hajapandisha.

Kijana wa Bando
Mama yangu anatafuta dera la kijani la Idi. Bei gani?

Dera_la_Pwani
Bei njoo inbox mpendwa.

Babu Kahawa Chungu
Nilisema.